Ndege ya injini mbili inakatizaje bahari? Tuelewane kuhusu ETOPS

Tangu ile ajali ya Ahmedabad ya tarehe 12 Juni 2025, Dreamliner ya Air India iliyoanguka muda mfupi tu baada ya kuruka, kuna swali halijaisha mjini. Utalisikia kijiweni, utalikuta kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu wanauliza kwa uchungu kabisa kwa sababu Dreamliner hata sisi tunazo: hivi ndege yenye injini mbili tu inaruhusiwaje kukatiza bahari kutoka Dar hadi India, saa nzima na zaidi chini ni maji tu, na ikizimika moja je?

Ajali ile haikuhusiana na mambo ya kuwa mbali na uwanja, ndege ilikuwa ndo kwanza imenyanyuka na uwanja upo nyuma yake, na ripoti ya awali ya wachunguzi ilisema swichi za mafuta za injini zote mbili zilihama kwenda upande wa kukata mafuta ndani ya sekunde moja hivi. Hilo lina uchunguzi wake. Ila swali la bahari ni swali halali na lina jibu, na jibu lenyewe linafurahisha kulifuatilia kwa sababu kitu ambacho watu wengi wanadhani ndicho kinachoangaliwa, yaani idadi ya injini, siyo hasa kinachoangaliwa.

Tuanze na maneno mawili matatu. Uwanja mbadala ni uwanja ambao ndege inaweza kugeuzia ikipata tatizo njiani, siyo uwanja iliotoka wala inaokwenda. Sheria ya msingi ya ndege ya injini mbili ni kwamba popote ilipo lazima iwe ndani ya saa moja kutoka uwanja wa kutua, na hiyo saa moja inahesabiwa kwa mwendo wa injini moja, kwenye hewa isiyo na upepo. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo unahitaji ruhusa maalumu, na ruhusa hiyo ndiyo inaitwa ETOPS, marubani wanatamka itops. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, tangu 2012 linatumia jina EDTO lakini mtaani na kwenye karakana jina la zamani halijaondoka. Ukisikia mtu anasema ndege ina ETOPS 120 au 180, hizo ni dakika. ETOPS 180 maana yake ndege inaweza kupangiwa njia ambayo uwanja wa karibu upo hadi saa tatu kwa mwendo wa injini moja.

Na hapa kuna kosa la kwanza ambalo linasambaa sana. Watu wanadhani 180 ni muda ambao injini iliyobaki inaweza kuvumilia, kwamba dakika ya 181 nayo inazimika. Hapana. Injini iliyobaki haijui habari za dakika, ilikuwa inafanya kazi saa kumi mfululizo jana na itafanya tena kesho. Zile dakika ni mpaka wa kuchora njia kwenye ramani kabla ndege haijaruka. Machi 2003 Boeing 777 ya United iliyokuwa inatoka Auckland kwenda Los Angeles ilizima injini moja katikati ya Pasifiki na ikaruka kwa injini moja karibu saa tatu mpaka Kona, Hawaii, ikatua salama.

Saa moja ile ilitoka wapi? Ilitoka Marekani mwaka 1953, enzi za injini za pistoni, zile za mapanga, ambazo kuzimika angani lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba kampuni ilijua itatokea. Injini za jeti zilipokuja mambo yakabadilika lakini sheria ikabaki, ndo maana miaka ya 60 na 70 bahari zilikuwa za ndege za injini tatu na nne. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu dakika 120, TWA ikaanza kuvuka Atlantiki na Boeing 767, mwaka 1988 zikaja dakika 180, na leo Dreamliner yenyewe kama aina ya ndege imeidhinishwa hadi dakika 330. Lakini kuidhinishwa kwa aina ya ndege ni nusu tu ya habari, kila kampuni nayo lazima ipewe ruhusa yake na mamlaka ya nchi yake, kwa kampuni iliyosajiliwa hapa kwetu ni TCAA, na kampuni inaweza kupewa dakika chache kuliko ndege yenyewe inavyoweza.

Sasa tuchukue njia yetu. Dar kwenda Mumbai kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,680, safari ya kama saa sita. Nimeipima kwenye ramani mwenyewe, kwa hiyo usiichukue kama mpango wa kampuni yoyote, ni hesabu ya kuelewea tu. Ndege kubwa ya leo kwa injini moja inakwenda kama kilomita 750 hadi 800 kwa saa, tuseme 780. Mwanzo wa safari hauna shida, unaacha Zanzibar, Mombasa ipo pembeni, Mogadishu inafuata. Ukifika katikati kabisa upo kwenye maji mashariki ya Pembe ya Afrika, na hapo kuna kitu cha ajabu kidogo: Salalah kule Oman ipo kama kilomita 1,200 upande wa kaskazini, na Mahé ya Shelisheli ipo kama kilomita 1,200 upande wa kusini. Mogadishu nayo umbali ni huohuo kama 1,200. Kisiwa cha Sokotra kipo karibu kuliko vyote, kama kilomita 700, lakini kuwa na lami pekee hakutoshi, nitafika huko.

Kilomita 1,200 kwa mwendo wa 780 ni saa moja na nusu na dakika kidogo. Kwa sheria ya saa moja njia hii hairuhusiwi, ingebidi ndege ibanie pwani ya Somalia na Uarabuni, safari inarefuka na mafuta yanaongezeka. Kwa ruhusa ya dakika 120 inapita. Kwa hiyo hata hapa kwetu, bila kwenda Pasifiki, jambo hili linagusa njia unayopanda.

Basi kwa nini waliruhusu? Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Mamlaka zinaangalia rekodi ya aina ya injini duniani kote, injini zote za aina hiyo zinazoruka, zinahesabu zimezimwa angani mara ngapi. Ili upewe dakika 180 kiwango ni kwamba isizidi mara 2 kwa kila saa 100,000 za injini kufanya kazi. Kwa zaidi ya dakika 180 ni mara 1. Twende na ile ya mara 2 kwenye safari yetu. Ndege ina injini mbili, saa sita, kwa hiyo ni saa 12 za injini, na uwezekano wa mojawapo kuzimika ni kama safari moja kati ya 4,000. Hilo linatokea, dunia ina safari nyingi, ndo maana marubani wanalifanyia mazoezi kila mara kwenye simuleta. Sasa baada ya hapo injini ya pili nayo izimike kwa sababu yake yenyewe ndani ya ile saa moja na nusu ya kukimbilia Salalah, hiyo ni kama moja kati ya 33,000. Zidisha hizo mbili, unapata safari moja kati ya zaidi ya milioni 100. Na hicho ni kiwango cha juu kinachoruhusiwa, injini nzuri zipo chini ya hapo.

Lakini rudi usome ile sentensi, kuna maneno manne yamebeba mzigo wote: kwa sababu yake yenyewe. Hesabu ile ya kuzidisha ni ya kweli tu kama kilichoua injini ya kwanza hakina njia ya kuifikia ya pili. Ukiwa na jenereta mbili nyumbani ukasema mimi umeme ukikatika sina wasiwasi, kisha ukazijaza zote mafuta kutoka dumu moja lililoingia maji, huna jenereta mbili hapo, una moja. Ungeongeza ya tatu na ya nne ukazijaza kwenye dumu lilelile, zote nne zitakuzimikia usiku mmoja. Sheria za ETOPS kwa sehemu kubwa ni sheria za kutenganisha madumu.

Na tunajua hivyo siyo kwa nadharia. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines, Lockheed L-1011 ya injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau, safari fupi tu, watu 172 ndani. Wakikaribia Nassau geji ya oili ya injini ya katikati ikashuka, wakaizima kama kitabu kinavyosema, wakaamua kurudi Miami. Njiani geji za injini nyingine mbili nazo zikaonyesha oili imekwisha. Marubani walidhani ni geji zimeharibika, na ukiwaza ni rahisi kuwaelewa, injini tatu tofauti kuishiwa oili kwa wakati mmoja ni kitu ambacho akili inakataa. Zikazima kweli, moja kisha nyingine, abiria wakavaa majaketi ya kuokolea, ndege ikawa inashuka bila injini hata moja kutoka kama futi 13,000, na walipofika karibu na futi 4,000 wakafanikiwa kuiwasha ile ya kwanza waliyoizima mapema, ambayo kwa kuzimwa mapema ilikuwa haijajiua. Wakatua Miami kwa injini moja, wote wazima.

Chanzo? Usiku wa kuamkia safari ile kwenye karakana walibadilisha kifaa kidogo cha kunasa chembe za chuma kwenye oili, kwenye injini zote tatu, na vyote vitatu vikafungwa bila vile viringi vya mpira vya kuzibia, mafundi wetu wanaita oringi. Oili ikawa inavuja kwenye zote tatu kwa spidi inayofanana. Mikono ileile, kosa lilelile, usiku uleule, na ndege ilikuwa na injini tatu!

Ndo maana mtu akikwambia yeye anajisikia salama kwenye ndege ya injini nne tu, mwelekeze huko. Mwaka 1982 Boeing 747 ya British Airways iliingia kwenye wingu la majivu ya volkano karibu na Java, injini zote nne zikazima, kwa sababu zote nne zilivuta hewa ileile. Waliziwasha tena baada ya kutoka kwenye majivu na wakatua Jakarta. Injini nne zinakupa mara mbili ya nafasi ya moja kuharibika, na dhidi ya tatizo linaloingia kwenye zote kwa pamoja hazikusaidii kitu.

Kutokana na hilo, kampuni yenye ETOPS inabanwa kwenye karakana kuliko sehemu nyingine yoyote. Fundi mmoja haruhusiwi kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili kwenye zamu moja, ama kazi igawanywe watu wawili tofauti ama siku tofauti, na ikishindikana kabisa kuna taratibu za ziada za mtu mwingine kukagua na injini kujaribiwa. Oili inayoongezwa kwenye kila injini inaandikwa na kulinganishwa na safari zilizopita, manake injini inayoanza kunywa oili zaidi ya kawaida yake inakuambia mapema kabla haijafika pabaya. Kabla ya kila safari ya ETOPS ndege inakaguliwa na fundi aliyesomea mambo hayo. Ndege ikiwa na hitilafu fulani ambayo kwa safari ya Mwanza ingeruhusiwa kuondoka nayo, kwa safari ya bahari inakataliwa, inabaki chini au inapewa njia ya kubanana na viwanja.

Hata hivyo mpango huu una mahali unapofikia. Agosti 24, 2001 Airbus A330 ya Air Transat, injini mbili, ilitoka Toronto kwenda Lisbon ikiwa na watu 306. Siku chache kabla, injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa na bomba moja la haidroliki lililofungwa halikuwa la toleo linaloendana, likawa linasuguana na bomba la mafuta mpaka likalitoboa juu ya Atlantiki. Marubani waliona mafuta ya upande mmoja yanapungua kuliko mwingine, wakafungua valvu inayounganisha matenki ili kusawazisha. Yaani yale madumu mawili yaliyokuwa yametengwa yakaunganishwa, mafuta ya upande mzima yakaenda kumwagika kwenye upande uliotoboka. Injini ya kulia ikazima, dakika kama 13 baadaye na ya kushoto. Wakaelea bila injini kama dakika 19 mpaka kisiwa cha Terceira, wakatua kwenye uwanja wa Lajes, hakuna aliyekufa. Walifika kwa sababu walishageuza kuelekea Lajes mapema wakiwa bado na injini. Tangu hapo ukaguzi wa dalili za mafuta kuvuja na lini usifungue ile valvu vilitiliwa mkazo mpya kwenye taratibu.

Haya, tuseme injini imezima moja, ya pili nzima, tumegeuza kuelekea Salalah. Kitu gani kingine kinahesabiwa dakika? Wengi watasema injini tena, lakini kwa watu wanaopanga hizi safari kinachowasumbua zaidi ni mafuta, tena tatizo lenyewe baya kuliko yote kwenye karatasi linaweza kuwa halina injini iliyozima ndani yake.

Ndege ikipoteza mgandamizo wa hewa ndani, lazima ishuke haraka hadi kama futi 10,000 ambapo watu wanaweza kupumua bila zile barakoa, kwa sababu oksijeni ya abiria ni ya muda mfupi tu. Futi 10,000 hewa ni nzito, ndege iliyokuwa inateleza juu futi 38,000 sasa inakula mafuta kwa kasi kubwa sana kwa kila kilomita. Ukiwa umezima injini tu bila hewa kupotea, ndege inashuka taratibu hadi futi elfu ishirini na kitu kutegemea uzito na inaendelea na ulaji unaovumilika. Kwa hiyo mpangaji anachukua ile sehemu mbaya kuliko zote kwenye njia, anajiuliza maswali matatu, injini imezima peke yake nahitaji mafuta kiasi gani kufika, hewa imepotea injini zote nzima kiasi gani, hewa imepotea na injini imezima kwa pamoja kiasi gani, kisha anachukua jibu kubwa kuliko yote. Juu yake anaweka ya kuzunguka dakika 15 kwenye futi 1,500 juu ya uwanja, ya kutua, na nyongeza ya upepo kutokuwa kama ulivyotabiriwa na barafu kuganda kwenye mabawa. Kama mafuta ya kawaida ya safari hayafiki hapo, yanaongezwa hata kama itabidi mizigo ipunguzwe.

Kitu kingine cha dakika ni moto kwenye sehemu ya mizigo. Kule chini kuna mitungi ya gesi ya haloni, unapobonyeza inamwagwa nyingi kwanza kuua miali halafu inaendelea kutoka kidogo kidogo kuuzuia moto usirudi. Ikiisha imeisha. Kwa hiyo sheria inataka muda wa gesi hiyo utoshe dakika zote za kufika uwanjani na 15 za ziada, kwa ruhusa ya 180 gesi iwe ya dakika 195. Ndege nyingi zimekwama kwenye dakika fulani kwa sababu ya hii mitungi wakati injini zake zingeweza zaidi.

Umeme nao. Dreamliner ina jenereta mbili kwenye kila injini, kwa hiyo ukipoteza injini moja unabaki na mbili, na mkiani kuna injini ndogo inaitwa APU yenye jenereta mbili nyingine. Ile APU kampuni inatakiwa kuthibitisha kwamba inawaka ikiwa angani baada ya kukaa saa nyingi kwenye baridi kali, wanaijaribu kwenye safari za kawaida na kuandika matokeo, kwa sababu injini inayowaka vizuri ukiwa Kipawa kwenye joto inaweza kukataa ikiwa imeganda huko juu.

Mwisho turudi kwenye viwanja, na hapa ndo utaelewa kwa nini njia ya leo inaweza isifanane na ya jana. Uwanja kuwepo kwenye ramani ni hatua ya kwanza. Ili uhesabiwe kwa safari ya leo, dispacha anayepanga lazima ajue barabara yake inatosha ndege hii, upo wazi saa hizo, una zimamoto na uokoaji wa kiwango kinachotakiwa, una mitambo ya kumwongoza rubani kutua, na utabiri wa hali ya hewa kwa kipindi chote ambacho ndege inaweza kuuhitaji ni mzuri kuliko hata kile kiwango cha kawaida cha kutua. Wanaweka nafasi hiyo kwa sababu utabiri hukosea na wewe utakuja na injini moja, huna hamu ya kujaribu mara mbili.

Salalah sasa. Kuanzia Juni hivi hadi Septemba pwani ile inapata msimu wanaouita kharifi, manyunyu na ukungu unaofunika milima mpaka mji, watu wa Ghuba wanakwenda kutalii kwa sababu ya ubaridi ule. Kwa mpangaji wa safari ni shida, mawingu yanakaa chini na asubuhi nyingine utabiri haufiki kiwango. Tuseme leo Salalah imetoka kwenye karatasi na vya jirani yake navyo kwa sababu yoyote ile havihesabiki, umebaki na Mahé na Mumbai. Nikipima tena ramani, sehemu ambayo Mahé na Mumbai zina umbali sawa kutoka kwenye njia ipo kama kilomita 1,700 kutoka kila kimoja, ambayo ni kama saa mbili na dakika kumi. Kampuni yenye ruhusa ya 120 haiwezi kupita hapo leo, lazima isogeze njia au isubiri, yenye 180 inapita. Ndege ni ileile, bahari ni ileile, kilichobadilika ni ukungu wa Oman.

Na haiishii kwa dispacha. Kabla ndege haijavuka ule mpaka wa saa moja kuingia eneo la ETOPS, marubani wanavuta taarifa mpya za hali ya hewa za viwanja vyao mbadala. Kama kimojawapo kimeharibika wanatafuta kingine au wanabadilisha njia wakiwa bado wana nafasi, hawaingii wakisema tutaona mbele.

Wakishaingia, ile karatasi inabaki kuwa msaada, haimfungi nahodha. Na mara nyingi anayegeuzisha ndege ni abiria aliyeshikwa na moyo kuliko injini. Kama ni moshi unaozidi au kitu kisichosubiri, sheria inamwachia yeye achague lami yoyote anayoona inamfaa zaidi, na hapo hata Sokotra, ambayo haikuwepo kwenye mpango, inakuwa uwanja.